SHEIKH ALI YUPI?
Tahakiki ya wasifu wa wenye majina yaliyoenea

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu msomaji, chukua kijitabu chochote cha dini kilichochapwa katika miji yetu, ugeuze jalada la nyuma, usome maneno yaliyoandikwa juu ya mtunzi wake. Mara nyingi utakuta maneno ya namna hii, ambayo tumeyatunga wenyewe yawe mfano: "Mtunzi wa kitabu hiki ni Sheikh Ali Juma, mwanachuoni mashuhuri wa Kikuyu, aliyesoma ndani na nje ya nchi na kutoa mihadhara mingi." Je, umemjua mtu huyu? Hukumjua. Ali Juma wako wangapi hapa Dodoma peke yake, tukiacha Kondoa, Singida na Tabora? Maneno yote yale ni kweli tupu, na hakuna hata moja linalomtoa mtu mmoja katika kundi la wenzake.

Tahakiki yetu ni juu ya wasifu wa aina hiyo. Hatuulaumu kwa kusifu sana au kusifu kidogo. Kasoro yake ni kuwa umeacha kazi ya kwanza ya wasifu, nayo ni kumtenga mtu na mwenye jina kama lake. Tutazame alama tatu ambazo watu huzitegemea kwa kazi hiyo, yaani mji, herufi ya kwanza ya jina na fani, tuone kila moja inafika wapi na inakatikia wapi.

WALIOTUTANGULIA WALIFANYA NINI

Jambo hili si geni katika elimu yetu. Wanavyuoni wa hadithi walilitengea fani nzima, wakaiita muttafiq na muftariq, yaani majina yanayolingana kwa matamko na maandishi ilhali wenyewe ni watu mbalimbali. Al-Khatib al-Baghdadiy, aliyefariki mwaka 463 Hijria (1071), alitunga kitabu chenye jina hilo hilo. Akatunga na kingine kuhusu makosa ya pande mbili: kumfanya mtu mmoja kuwa wawili, na kuwafanya wawili kuwa mmoja. Katika hicho cha pili hakuwaogopa wakubwa, hata Imamu Bukhari alimfuatilia katika kitabu chake cha historia ya wapokezi.

Mfano unaosomeshwa mpaka leo ni wa Ahmad bin Jaafar bin Hamdan. Walikuwapo watu wanne wenye jina hilo, jina la baba na jina la babu vile vile, na wote waliishi katika zama moja. Juu ya hayo, kila mmoja alipokea kwa mwalimu anayeitwa Abdallah. Wawili kati yao walishirikiana hata lakabu ya uzazi, kila mmoja akiitwa Abu Bakr, na kila mmoja akisema, "Amenisimulia Abdallah bin Ahmad." Msomaji wa haraka atasema huyu ni mtu mmoja bila shaka. Lakini wa kwanza ni al-Qatiiy wa Baghdad, na Abdallah wake ni mtoto wa Imamu Ahmad bin Hanbal. Wa pili ni as-Saqatiy wa Basra, na Abdallah wake ni mtoto wa Ahmad ad-Dauraqiy. Wa tatu ni mtu wa Dinawar na wa nne ni mtu wa Tarsus, na kila mmoja ana mwalimu wake mwingine.

Zingatia kilichowatenga. Jina la babu, ambalo sisi hulidhania kuwa ni dawa ya kila mchanganyiko, halikufaa kitu. Kilichofaa ni mji pamoja na mwalimu. Wale mabwana hawakuwa na desturi ya kushika alama moja kwa watu wote. Waliitafuta ile ambayo wenye jina hawashirikiani ndani yake. Hiyo ndiyo kanuni tutakayoitumia kupimia yanayofuata.

MJI, NA KIKUYU YETU

Alama inayotangulia katika desturi yetu ni mji, na ni alama nzuri. Wanavyuoni wa zamani waliitegemea hata pale jina lilipotajwa peke yake. Ikisemwa "Abdallah" huko Makka, alikusudiwa Ibn Zubeir. Madina, Ibn Umar. Kufa, Ibn Masuud. Basra, Ibn Abbas. Na huko Khurasani alikusudiwa Ibn al-Mubarak. Jina ni lile lile, na mahali pa kusemwa pamemtambulisha mtu.

Lakini alama hiyo ilifanya kazi kwa kuwa msemaji na msikilizaji walikuwa mahali pamoja. Kijitabu hakikai mahali pamoja. Tukiandika hapa "Sheikh wa Kikuyu", jirani yetu wa Dodoma ataelewa mara moja, kwani Kikuyu ni mtaa wetu, na kata zake ziko mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Kijitabu hicho kikifika Mombasa au Nairobi, msomaji atadhani mtunzi ni mtu wa mji wa Kikuyu ulioko Kiambu, nchini Kenya, au atadhani ni mtu wa kabila la Wakikuyu. Neno lililotiwa lituondolee shaka limekuwa ndilo chanzo cha shaka.

Na hilo nalo walitutangulia kuliona. Yaqut al-Hamawiy, aliyefariki mwaka 626 Hijria (1229), alitunga kitabu juu ya miji inayolingana majina na kutofautiana mahali. Ndiyo maana mtu wa Tarabulus huulizwa, ni ile ya Sham au ile ya Magharibi? Basi mwenye kuandika "Kikuyu" na aandike "Kikuyu, Dodoma". Ni neno moja tu la ziada.

Kuna tatizo la pili katika mji, nalo ni kwamba watu huhama. Sufyan bin Uyaina alizaliwa Kufa mwaka 107 Hijria, akahamia Makka, akafa huko mwaka 198. Sufyan mwenzake, ath-Thauriy, naye ni mtu wa Kufa. Mwenye kuandika "Sufyan wa Kufa" amewaacha wote wawili mlangoni. Wenye fani wakatumia neno dogo la "kisha", wakasema: wa Kufa kisha wa Makka. Neno hilo linabeba safari nzima ya maisha ya mtu.

Tulipime kwa mtu wetu. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, Mungu amrehemu, alizaliwa Unguja mwaka 1912, akawa kadhi huko, kisha mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na alifariki Oman mwaka 1982. Anayemwita mtu wa Unguja amesema kweli, na anayemtaja kwa ukadhi wa Kenya amesema kweli. Kijana asiyejua safari hiyo anaweza kuwafanya masheikh wawili, hasa akikuta upande mmoja pameandikwa "Abdalla Saleh Farsy" na upande mwingine "Abdullah bin Salih al-Farisiy". Hilo ndilo kosa la kumfanya mmoja kuwa wawili. Dawa yake ni "wa Unguja kisha wa Kenya", pamoja na kushika namna moja ya kuandika jina kutoka kitabu cha kwanza hadi cha mwisho.

HERUFI YA KWANZA, NA WATU WATATU WA MOMBASA

Alama ya pili ni herufi. Wasomi wa skuli wameizoea: jina la kati hukatwa likabaki herufi na nukta. Vijana wetu wa madrasa nao wameichukua, na wanadhani kwamba herufi inatosha. Hapa tunao mfano wa Afrika Mashariki yenyewe, nao ni nyumba ya Mazrui ya Mombasa.

Katika nyumba hiyo alikuwapo Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, mwanachuoni wa fiqhi, aliyefariki mwaka 1894. Mwanawe ni Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947. Huyu ndiye aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mtoto wa Sheikh al-Amin ni Profesa Ali Al-Amin Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933. Huyo alisomesha elimu ya siasa Makerere, kisha Marekani, akafariki huko mwaka 2014 na kuletwa kuzikwa Mombasa.

Sasa tukate majina. Ali bin Abdallah ni A. A. Mazrui. Al-Amin bin Ali ni A. A. Mazrui. Ali Al-Amin ni A. A. Mazrui. Babu, baba na mjukuu, vizazi vitatu, herufi ni zile zile hazikutofautiana hata moja. Na mji nao hautusaidii, kwani wote watatu ni watu wa Mombasa. Ukikuta karatasi imeandikwa "A. A. Mazrui wa Mombasa amesema", hujui kama mbele yako pana fatwa ya mwanachuoni wa karne ya kumi na tisa, makala ya kadhi aliyekuwa akiwahimiza Waislamu kuamka, au maoni ya mwalimu wa chuo kikuu juu ya siasa za Afrika.

Jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya. Desturi ya watu wetu ni kumpa mtoto jina la babu yake, na jina la baba likafuata jina la mtoto. Kwa hivyo majina mawili huzunguka katika nyumba moja, Ali, al-Amin, Ali, kama maji ya kisima kimoja. Tena majina yetu mengi huanza kwa herufi chache. Hesabu waliomo katika safu ya kwanza ya msikiti wako: Ali, Abdallah, Ahmad, Athumani, Abubakar, Amri, Adamu. Herufi A imewakusanya wote. Herufi huwatenga watu ambao majina yao yameenea katika alfabeti nzima, na ya kwetu hayakuenea hivyo.

Hata hivyo herufi si ya kutupwa. Katika ukoo huo huo yuko Profesa Alamin M. Mazrui, mtaalamu wa lugha, aliyetunga tamthilia ya Kilio cha Haki mwaka 1981. Jina lake na jina la ukoo ni kama la Sheikh al-Amin, lakini ile M. imesimama mlangoni, ikatujulisha kwamba baba wa huyu si Ali. Yeye na Profesa Ali waliandika vitabu pamoja juu ya lugha, na majalada yao yakaandikwa Ali A. Mazrui na Alamin M. Mazrui. Hapo herufi imefanya kazi yake, kwa kuwa jina la mwanzo limeachwa zima na herufi zenyewe zimetofautiana. Hukumu yetu basi ni hii: herufi isaidie jina zima, wala isishike mahali pake. Na kabla ya kuitegemea, mtu atazame kwanza baba yake na babu yake wanaandikwaje.

FANI, NA IBN HAJAR WAWILI

Katika nyumba ya Mazrui kilichowatenga ni miaka na fani. Fani ni alama yenye nguvu, lakini nayo ina mpaka wake, na maimamu wetu wanaujua mpaka huo kila wanaposikia kwenye darasa, "Ibn Hajar amesema."

Ibn Hajar yupi? Wa kwanza ni Ahmad bin Ali al-Asqalaniy, aliyefariki Misri mwaka 852 Hijria (1449), mwenye Fat-hul Bari. Wa pili ni Ahmad bin Muhammad al-Haytamiy, aliyezaliwa Misri, akahamia Makka na kufariki huko mwaka 974 (1567), mwenye Tuhfatul Muhtaj. Wote wawili wanaitwa Ahmad, ni Ibn Hajar, ni Mashafii, na ni wa Misri kwa kuzaliwa. Wanafunzi huambiwa wa hadithi ni wa kwanza na wa fiqhi ni wa pili. Hiyo ni kweli kwa jumla, kwa kuwa kila mmoja ameshinda katika fani yake. Lakini al-Asqalaniy katika kusherehesha Bukhari amejaza masuala ya fiqhi, na al-Haytamiy naye ana maandishi katika hadithi. Mwanafunzi akikuta suala la talaka chini ya jina la Ibn Hajar, fani peke yake haitamwambia ni yupi.

Kitakachomwambia ni kitabu. "Ibn Hajar katika Tuhfa" hakuna wa kumchanganya. Kwa hivyo fani katika wasifu isiachwe juu juu. Kuandika "mwanachuoni wa dini" si kitu, kwani wote tunaodai elimu tunadai hiyo. "Mwalimu wa fiqhi" imekaribia. "Mwalimu wa mirathi, mwenye kijitabu fulani" imefika.

Na msomaji asidhani kwamba nisba iliyo mwishoni mwa jina hutaja siku zote mahali alipokaa mtu. Al-Asqalaniy alizaliwa Misri na kufia Misri. Asqalani ni asili ya wazee wake. Nasi tuna wenzetu wengi wenye nisba za Hadhramaut na Oman ambao wamezaliwa hapa hapa bara. Nisba ya asili na mji wa makazi ni vitu viwili, na wasifu ulio mzuri huvitaja vyote viwili.

MADHARA YA KUCHANGANYA

Huenda mtu akasema haya ni mambo madogo ya majalada ya vitabu. Tumpe mfano mmoja. Katika karne ya tatu na ya nne Hijria walikuwapo watu wawili, kila mmoja akiitwa Muhammad bin Jarir at-Tabariy, na kila mmoja akiitwa Abu Jaafar. Jina moja, baba jina moja, nisba ya mji moja, lakabu ya uzazi moja. Mmoja ni mwenye tafsiri na tarehe mashuhuri, aliyefariki Baghdad mwaka 310 Hijria (923), na babu yake ni Yazid. Mwingine ni mwanachuoni wa Kishia, na babu yake ni Rustam.

Imamu Tabariy mwenye tafsiri alinasibishiwa kauli ya kutosheka na kupaka miguu maji katika udhu badala ya kuiosha. Wapo wanavyuoni waliosema kwamba kauli hiyo ni ya yule mwingine, na iliingia kwa huyu kwa sababu ya kulingana majina. Wengine wakasema chanzo ni maneno yake mwenyewe katika tafsiri yaliyofahamika vibaya. Hatuingii hapa katika kuamua. Tunachotaka kionekane ni kwamba suala la udhu, ambalo ni mlango wa Sala, limefika mahali wakubwa wa elimu wanabishana ni Muhammad bin Jarir yupi. Na alama iliyobaki ya kuwatenga ni ile iliyoshindwa kwa kina Ahmad bin Jaafar, yaani jina la babu. Hapa Yazid na Rustam ndiyo funguo. Kwa hivyo hakuna alama iliyo bora daima. Kila jina lina alama yake.

WASIFU UKIANDIKWA SAWASAWA

Turudi kwa Ali Juma wetu wa kutunga. Mwandishi wa wasifu aanze kwa kuuliza: wenye jina hili ninaowajua ni kina nani, na wanashirikiana katika nini? Tuseme amewakuta wawili hapa mjini, wote masheikh, wote wanasomesha, na wa pili ni khatibu anayejulikana kwa mihadhara. Basi neno "sheikh", neno "mwalimu" na neno "Dodoma" hayatawatenga. Herufi nayo haitafaa, kwani A. J. ni wote wawili. Babu zao wanatofautiana, makazi ya nyuma yanatofautiana, na fani zinatofautiana. Hapo ataandika:

"Ali bin Juma bin Ramadhani, wa Kondoa kisha wa Kikuyu, Dodoma, amezaliwa 1961, mwalimu wa mirathi, kitabu hiki ni cha pili baada ya kile cha kugawa urithi wa mke. Si Ali Juma khatibu."

Sentensi ya mwisho wengine wataiona ngeni, lakini ni ya zamani. Wenye fani ya wapokezi hawakuona haya kuandika "na huyu si yule". Neno hilo halimvunjii heshima mtu yeyote. Linamlinda khatibu asibebeshwe kauli ambayo hakuisema, na linamlinda mwalimu wa mirathi asinyang'anywe aliyoyasema.

Kipimo cha mwisho ni chepesi. Wasifu ukishaandikwa, lifute jina, umpe mtu wa mji mwingine aliyebaki na maelezo peke yake. Ukikuta maelezo hayo yanamfaa sheikh yeyote, ujue hujaandika kitu. Kisha tazama miaka: mtu aliyezaliwa 1961 akinasibishiwa darasa la mwaka 1965, ujue wawili wamekwisha kuwa mmoja. Ule wasifu wa jalada tuliouanza nao utaanguka katika kipimo cha kwanza, na cha pili hautafika kabisa, kwa kuwa hauna hata mwaka mmoja.

Lipo pingamizi moja linalostahiki kujibiwa. Baadhi ya masheikh hukataa kuandika haya kwa unyenyekevu, wakisema elimu itazamwe na mwenye kuisema asitazamwe. Unyenyekevu ni jambo jema, lakini mahali pake ni katika sifa. "Mashuhuri", "mkubwa" na "aliyebobea" ndiyo maneno ya kuachwa kwa unyenyekevu. Jina la babu, mji, mwaka na fani si sifa, ni anwani ya kauli. Fatwa isiyo na anwani haina wa kuulizwa juu yake, na anayeifanyia kazi hajui ameichukua kwa nani.

Wallahu aalam.